Pikipiki ikizimika ndani ya maji

"Nimekatiza barabara iliyofurika, pikipiki ikazimika katikati. Niipige kiki palepale au niisukume?"

Isukume ndugu, na usiguse kiki wala stata. Maji hayabanwi kama hewa. Yakiwa yameingia kwenye silinda, pistoni itayagonga na konrodi inaweza kupinda. Mimi nilijifunza hilo kwa gharama.

Ukifika pakavu, fungua chujio la hewa. Likiwa kavu, huenda kofia ya plagi ndiyo imelowa: ipanguse ujaribu kuwasha. Likiwa limelowa, zima swichi, toa plagi, kisha piga kiki polepole mpaka tundu lake liache kutema maji. Halafu tazama oili. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameshachanganyika nayo. Imwage na uweke mpya kabla ya kuwasha.

Safari nyingine, maji yakifikia katikati ya gurudumu, geuka. Yakiwa chini ya hapo, pita kwa gia ya kwanza bila kuachia mafuta. Ukitoka, bana breki kidogo huku unatembea ili zikauke, maana zikilowa hushika kwa kuchelewa.