Futa hilo neno "kushangaza" daftarini

"Kesho kutwa nina mtihani wa fasihi. Kinaya, kejeli na sadfa zinatofautianaje? Nimeandika kinaya ni jambo la kushangaza lililotokea bila kutarajiwa."

Ifute hiyo sentensi sasa hivi. Ndiyo hiyo hiyo tuliyoandikiwa ubaoni hapa Lamu na mwalimu wa masomo ya ziada, analipwa na wazazi wetu, tukaikariri, na kila kilichotushtua mtihanini tukakiita kinaya. Alama zikaenda na maji. Mpaka leo namkasirikia, maana aliyakatisha maelezo njiani.

Sadfa nayo hushangaza. Kinaya kinataka jambo liende kinyume na lililotarajiwa, na matarajio hayo yawe na sababu ndani ya kisa chenyewe.

Mchukue fundi wa kalafati, yule anayeshindilia pamba kwenye maungio ya mbao za mashua ili maji yasipenye. Mtaa mzima unamtegemea. Asubuhi moja anaikuta mashua yake mwenyewe imezama pale pale ilipotiwa nanga, maungio yamevuja. Hicho ni kinaya. Sasa mtoe fundi, mweke mshonaji nguo. Mashua ya mshonaji imevuja ikazama: ni hasara, tena kubwa, lakini kinaya kimetoweka, kwa sababu hakuna aliyemtarajia mshonaji ajue kuziba mashua. Kipimo changu ndicho hicho: mbadilishe mhusika. Kinaya cha hali kama hii kimeshikana na mtu wake.

Usiku huo huo mashua ya fundi ilipozama, huko Malindi mashua ya shemeji yake inakatika kamba na kuchukuliwa na maji. Hakuna kinachoyaunganisha mambo hayo mawili ila wakati. Hiyo ni sadfa. Weka mshonaji, weka mwalimu, weka umtakaye, itabaki sadfa.

Kisha jirani anasimama ufuoni: "Mashallah fundi, halipiti hata tone!" Hiyo ni kejeli. Kuna msemaji, kuna mlengwa, kuna nia ya kuchoma. Wengi hupotelea hapa kwa kuwa maneno ya jirani ni kinyume cha hali ilivyo, wakadhani basi ni kinaya peke yake. Kweli, kejeli mara nyingi hutumia kinaya cha maneno, lakini si lazima viandamane. Bibi akichungulia mvua ya masika akasema "leo jua limewaka", hamchomi mtu. Ni kinaya bila kejeli. Jirani angesema "fundi gani wewe!", ingekuwa kejeli bila kinaya.

Mtihanini usiandike jina la mbinu ukaliacha tupu. Andika nani alitarajia nini, kwa sababu gani, na kikatokea nini. Ukifika kwenye "kwa sababu gani" ukakosa la kuandika, kata neno kinaya, kisha uangalie kama ni matukio mawili yaliyokutana tu.