Mwale wa karabai: maneno ya sinema yasiyochafua picha

Wengi mnaoanza kutengeneza picha kwa akili bandia, kwa Stable Diffusion au Midjourney, mna mkia mmoja mnaoubandika kila mwisho wa prompti, yaani maelezo mnayoiandikia modeli: `cinematic, anamorphic lens flare, film grain, vignette`. Nami niliubandika kwa miezi. Picha zikawa na ukungu, nyuso zina mabaka, na pembe nyeusi kama zimeungua. Maneno yenyewe hayana kosa, ila kila moja lina kazi yake, na kila moja linadai kitu fulani kiwepo pichani kabla halijafanya kazi hiyo.

Nitawaonyesha kwa picha moja. Kikundi cha vijana kilinitaka bango la filamu yao fupi: mama amesimama majini usiku, maji ya magotini, ameshika karabai ya kuvulia dagaa, ngalawa iko nyuma yake. Nikaandika mandhari, nikabandika mkia wangu. Ukaja ukungu wa buluu usoni pa mama, ngalawa imemezwa na giza, na mashavu yake yamekuwa kama ukuta wenye unyevu.

Nikaanza upya bila mkia:

```
woman standing knee-deep in the sea at night,
holding a pressure lantern at waist height,
outrigger canoe behind her, warm light on her face
```

Picha hii iwe nzuri kwanza. Ikiwa uso hausomeki hapa, hakuna neno la sinema litakalouokoa. Ikikubali, shikilia namba ya `seed`, ile inayoifanya modeli ianzie pale pale kila mara, usiibadilishe, kisha ongeza neno moja tu kila mara. Ukiongeza matatu kwa mpigo hutajua lipi limeharibu.

Tuanze na mwale. Lenzi ya anamofiki ina vioo vilivyopinda upande mmoja tu, kama kipande cha mcheduara, ili ibane upana wa mandhari uingie kwenye filamu ya kawaida; wakati wa kuonyesha, picha hutanuliwa tena. Ndivyo CinemaScope ilivyoleta skrini pana mwaka 1953. Taa kali ikipiga kwenye vioo hivyo, mng'ao wake huvutika kuwa mstari mwembamba wa mlalo, na taa za mbali zisizo kwenye fokasi huwa na umbo la yai lililosimama. Sasa fikiria: mstari unapita pale pale taa ilipo, kutoka ukingo hadi ukingo. Katika picha yangu ya kwanza karabai ilikuwa usawa wa kidevu, kwa hiyo mwale ulimkata mama usoni. Ndiyo maana kwenye prompti ya pili nimeandika `at waist height`. Mwale ukapita kiunoni, juu ya kanga na maji, uso ukabaki salama.

Neno `lens flare` peke yake ni la hatari. Modeli imejifunza kwa picha za kila namna zilizopewa jina hilo: miduara ya rangi, miale ya jua, na ule ukungu unaogeuza weusi wa usiku kuwa kijivu. Ukungu huo ndio tope lenyewe. Andika unachotaka kukiona: `thin horizontal anamorphic streak from the lantern`. Kukitaja chanzo ni muhimu, maana bila taa pichani modeli itabuni moja, mara nyingi mahali pabaya. Rangi nayo iangalieni. Buluu imezoeleka, lakini karabai inatoa mwanga mweupe wenye umanjano, na mstari wa buluu juu ya mwanga huo unaonekana umebandikwa. Nilipoandika `warm amber streak` ukatulia.

Usiandike `2.39:1`, uwiano wa skrini pana ya sinema, ndani ya maelezo, kwani mara nyingi utaletewa mistari myeusi juu na chini. Upana uombwe kwa vipimo: `--ar 21:9` kwenye Midjourney, au pikseli 1536 kwa 640 kwenye SDXL, toleo mojawapo la Stable Diffusion.

Chembe za filamu ndipo wengi wanapopotea, na hapa msimamo wangu ni mmoja: kwenye Stable Diffusion, usiziombe kwa maneno. Modeli hii haichori pikseli moja moja. Inachora kwanza kwenye ramani iliyobanwa, ambamo nukta moja inabeba eneo la pikseli 8 kwa 8, kisha inaikunjua. Chembe halisi ni ndogo kuliko hapo, upana wa pikseli moja au mbili. Ukiandika `film grain`, kinachokuja mara nyingi ni mabaka makubwa, na pamoja nayo mikwaruzo, rangi ya kahawia ya picha za zamani, pengine hata matundu ya ukingo wa filamu. Ngozi nyeusi iliyo kwenye kivuli huumia zaidi, kwa kuwa tofauti za mwanga juu yake ni ndogo na mabaka huzifuta zote.

Kujua ni rahisi. Fungua picha kwa asilimia 100, utazame shavu na kope. Kama kope zimekatika, au shavu lina madoa makubwa kuliko kope ilivyo nene, hizo si chembe, ni uharibifu.

Mimi huziweka mwisho kabisa, kwenye GIMP. Picha nikishaikuza hadi ukubwa wa kuchapa, naongeza leya ya kijivu `808080`, naiweka `Overlay`, naingia `Filters > Noise > RGB Noise` na kuondoa tiki ya `Independent RGB` ili chembe zisiwe na rangi. Kisha `Gaussian Blur` ya 0.5, na `Opacity` naishusha hadi karibu 15. Mpangilio huu usiugeuze. Ukitia chembe kwanza halafu ukakuza, programu ya kukuza itazidhania ni sehemu ya mandhari na kuzichora upya. Nimewahi kumwona mama huyu na ngozi ya kenge.

Kiza cha pembeni nitakimaliza haraka. Neno `vignette` lina maana nyingi: ni mchoro mdogo wa kitabuni, ni fremu ya mviringo, ni kisa kifupi. Modeli inaweza kukuletea duara jeusi kama unachungulia tunduni. Eleza mwanga badala yake: `light falling off toward the edges`. Na kama mandhari ni ya usiku yenye taa moja katikati, liache kabisa. Karabai yenyewe inafanya kazi hiyo, mwanga unafifia kadiri unavyoenda mbali nayo. Ngalawa yangu ilizama gizani kwa sababu niliomba giza juu ya giza. Nilipolifuta neno hilo, ubavu wa mbao na kamba ya nanga vilirudi.

Prompti iliyokwenda kwenye bango ilikuwa ile ya pili, ikiongezwa mstari huu tu:

```
thin warm amber anamorphic streak from the lantern
```

Siku ya kuikabidhi niliituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida. Mwenzangu akanipigia kuuliza mbona shavu lina vibandiko vya mraba. WhatsApp hubana picha, na chembe ndogo ndizo za kwanza kuvurugika zikibanwa. Nikaituma tena kama dokumenti, ikafika ilivyo.