Kabla hujaandika "samahani", simamisha foleni

Wewe uliyekabidhiwa juzi kurasa za biashara pamoja na nenosiri la chombo cha kupanga machapisho, iko siku tangazo litatoka lenyewe na bei isiyo yenyewe. Mimi lilinitokea mwaka wangu wa pili kazini. Ujumbe wa kwanza wa kuomba radhi niliouandika uliharibu mambo kuliko hata lile tangazo.

Tulikuwa na jedwali la bidhaa: safu ya jina, ya bei ya kawaida, ya bei ya ofa. Kila zamu ya tangazo ilipofika, chombo kilichukua mstari mmoja, kikajaza kiolezo cha picha na maandishi, kikachapisha. Jioni moja mwenzangu aliongeza safu mpya ya "malipo ya awali", kwa wanaolipa kidogo kidogo, akaiweka kabla ya safu ya ofa. Hakukosea kitu. Ila kiolezo chetu hakikujua majina ya safu, kilihesabu tu: chukua safu ya tatu. Kesho yake saa 12 asubuhi begi la kompyuta lenye bei ya kawaida ya 48,000 na ofa ya 36,000 likatangazwa kwa 12,000. Hayo yalikuwa malipo ya awali tu.

Nililiona saa 3 kasoro dakika kumi. Nikakimbilia kuandika samahani, na hapo ndipo nilipokosea mara ya pili, maana nyuma ya tangazo lile yalikuwepo mengine matano yanayosubiri zamu, yote yakiwa na kosa lilelile. La pili lilibakiza dakika kumi litoke. Aliyeniokoa ni yule mwenzangu. Alisitisha foleni nzima huku mimi nikitafuta maneno matamu. Kwa hiyo anza na foleni. Kisha zima tangazo la kulipia kama lipo, kwa sababu hilo linaendeshwa kivyake. Kisha piga picha ya skrini ya tangazo lenyewe pamoja na maoni yote. Ukilifuta kabla ya hapo, umefuta na ushahidi wa nani alisema nini.

Kulifuta au kulirekebisha? Watu hubishana sana juu ya hili. Instagram inakuruhusu kubadili maelezo yaliyo chini ya picha, lakini namba iliyoandikwa ndani ya picha huwezi kuigusa, na picha ndiyo watu wanayoisambaza. Facebook nayo huhifadhi historia ya marekebisho, hivyo ukibadili kimyakimya, atakayefungua ataiona bei ya zamani na kusema mlitaka kumficha. Mimi nafuta, halafu natamka wazi kwamba nimefuta.

Sasa uamuzi wenyewe, ambao si wako peke yako: walioshalipa mtawafanyia nini? Usiandike hata mstari mmoja kabla mwenye biashara hajajibu hilo. Sisi tulikuta oda 43. Kati ya hizo, 17 zililipwa kabla hatujaondoa tangazo saa 3:10, mbili zililipwa baadaye kupitia picha iliyosambazwa, na 24 hazikuwa zimelipwa kabisa. Begi tulilinunua kwa 27,000, maana yake kila moja likitoka kwa 12,000 tunapoteza 15,000. Kwa watu 17 ni 255,000. Inauma, lakini inahesabika. Bosi alinuna, akapiga hesabu, akakubali.

Angeweza kukataa? Inategemea sheria ya mahali na ukubwa wa kosa. Mwaka 2003 huko Singapuri, duka la mtandaoni la Digilandmall liliweka printa za leza za HP kwa dola 66 badala ya 3,854, baada ya namba za kufanyia mazoezi kuingia kwenye tovuti kwa bahati mbaya. Wanunuzi sita wakaagiza zaidi ya printa 1,600. Mahakama ilisema mauzo hayo ni batili kwa kuwa walijua fika kwamba bei ni ya makosa, na rufaa yao ikatupwa mwaka 2005. Kwetu haikuwa hivyo. Begi la 48,000 kuuzwa 12,000 ni ofa kali, lakini mtu mwenye akili timamu anaweza kuiamini. Hapo huna uso wa kumwambia mteja "ungejua".

Ujumbe wangu wa kwanza ulisomeka hivi: "Wapendwa wafuasi wetu, kutokana na changamoto za kimfumo zilizo nje ya uwezo wetu, bei iliyotangazwa haikuwa sahihi. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza." Maoni mawili ya kwanza: "Kwa hiyo bei ni ngapi?" na "Mimi nimeshalipa." Yalitosha kunionyesha kwamba sikuwa nimemjibu mtu yeyote. Halafu hizo "changamoto za kimfumo": mfumo tuliuweka sisi wenyewe, na hakuna aliyeukagua. Msomaji anajua.

Wa pili tuliutoa baada ya kuwaandikia wale 19 mmoja mmoja, ili aliyetoa pesa asilipate jibu lake hadharani pamoja na wapita njia:

"Leo saa 12 asubuhi tulitangaza begi la kompyuta kwa 12,000. Bei hiyo si sahihi na tangazo tumeliondoa. Bei ya ofa ni 36,000, mpaka Jumapili. Kosa ni letu: tangazo lilitoka lenyewe bila sisi kulikagua. Uliyelipa kabla ya saa 3:10 asubuhi, begi ni lako kwa 12,000, huongezi kitu. Uliyelipa baada ya hapo, tunakurudishia pesa yote leo, au ukipenda unaongeza 24,000. Uliyeagiza bila kulipa, oda yako tumeisimamisha. Ukilitaka kwa 36,000, tuandikie. Samahani kwa kukutangazia bei ambayo hatukuwa nayo."

Angalia mpangilio: bei mbili zinatangulia, samahani iko mwishoni. Na andika "asubuhi" kila mara. Chombo kinaonyesha 09:10, sisi tunasema saa 3:10, na kuna mtu atabishana nawe kwa hilo tu. Uweke ujumbe kila mahali tangazo lilipofika, hata kwenye stori, si kwenye ukurasa mmoja. Wale wawili wa mwisho, mmoja alichukua pesa yake, mwingine akaongeza. Kati ya wale 24, wachache walinunua, wengine walitusema, na matusi hayo hatukuyafuta.

Kuhusu kinga, nilianza na wazo zuri lisilofaa kitu. Niliweka fomula ndani ya jedwali: bei ya ofa ikishuka chini ya asilimia 60 ya bei ya kawaida, iandike SUBIRI. Nikaongeza safu ya majaribio ili nione itakavyokamata kosa. Ikaandika TUMA. Ukiingiza safu, fomula huifuata seli yake ilipohamia, kwa hiyo yenyewe iliendelea kuikagua 36,000 iliyo sahihi huku chombo kikibeba 12,000. Ukaguzi tuliuhamishia kwenye chombo, unaposoma maandishi yaliyokwisha kujazwa, na kiolezo sasa kinaita safu kwa jina. Jaribio la pili, tangazo liligoma kutoka.