Kingatiba shuleni kwa mtoto aliyewahi kupata kifafa

"Tangazo la shule linasema Jumanne watoto wa miaka 5 hadi 14 watapewa dawa za kichocho na minyoo, wale chakula kwanza. Wangu ana miaka 9 na mwaka jana alianguka kifafa mara mbili. Ameze? Tupo Mbeya vijijini."

Dada, asimeze Jumanne kabla hajaonwa na daktari, na mwalimu wa afya aambiwe mapema, kwa kuwa siku yenyewe foleni huwa ndefu na maswali machache.

Sababu ni hii: katika maeneo yetu yanayofuga nguruwe wa kuachiwa huru, mayai ya tegu wa nguruwe yakiingia mwilini kwa chakula au mikono michafu, viluwiluwi vyake vinaweza kujificha kwenye ubongo na kuleta kifafa. Praziquantel, dawa ya kichocho, huviua, na uvimbe unaofuata unaweza kuamsha degedege. Albendazole nayo huweza kufanya hivyo. Mweleze daktari kama kuna vinundu vigumu chini ya ngozi.

Kwa mtoto asiye na historia hiyo, vidonge vya kichocho hupimwa kwa urefu wake: mwenye sentimita 130 hupewa viwili vya miligramu 600. Kizunguzungu, kichefuchefu na tumbo kuuma ni kawaida, hasa akimeza bila kula, na kwa kawaida huisha ndani ya siku moja. Degedege, kuzimia au kupumua kwa shida si kawaida. Apelekwe zahanati mara moja.