Kilele cha mchoro kuwa kwenye chuma

"Kama kuunganisha viini kunatoa nishati, kupasua nako kunatoaje?"

Habari ndugu. Jibu liko kwenye mchoro unaopanga viini vya atomi kuanzia vyepesi hadi vizito. Kwanza angalia mhimili wima wake: ni nishati ya mfungamano, yaani ile inayohitajika kukitenganisha kiini, kwa kila chembe, protoni au nyutroni, si ya kiini kizima. Nguvu ya nyuklia hushika majirani tu, na kiini kidogo kina chembe nyingi za pembeni zenye majirani wachache, hivyo kukiongezea kunakikaza. Protoni lakini husukumana zote kwa zote. Kiini kikinenepa, msukumano unashinda. Mpaka, yaani kilele, uko karibu na chuma, MeV 8.8 kwa chembe (nikeli-62 inakizidi kiduchu).

Kupanda kuelekea kilele hicho ndiko kunakotoa nishati. Urani-235 iko 7.6, vipande vyake kama 8.5. Zidisha tofauti, 0.9, kwa chembe 235: takriban MeV 200. Haidrojeni nayo hupanda kilele hichohicho kwa kuungana. Chuma, ukipasue au ukiunganishe, unalipa wewe.