Simu ya Kifaransa kutoka Kigoma: maswali na majibu

Ofisi ya mizigo Kalemie, ng'ambo ya ziwa huko Kongo, wanapokea kwa Kifaransa. Nikisha salimia nasema nini ili nipewe ninayemtaka?

Sema: *Allô, bonjour. Je voudrais parler à Monsieur Paul, s'il vous plaît.* Yaani, ningependa kuongea na Bwana Paul. Akiwa mwanamke, weka *Madame*. Usianze na *Je veux*. Ni "nataka" kavu, na katika simu inasikika kama amri. Jioni *bonjour* inageuka *bonsoir*.

Karibu kila mara utaulizwa *C'est de la part de qui ?* Swali hili huwababaisha wengi kwa sababu husemwa haraka, "se dlapar de ki". Maana yake ni "nimwambie nani anapiga?" Jibu ni jina na mahali: *C'est Jumanne, de Kigoma.* Bila mahali utaulizwa tena.

Mara mbili nimeambiwa "ne quittez pas", nikadhani nafukuzwa, nikakata.

Ulikuwa unaambiwa usikate. *Ne quittez pas* ni "subiri hapohapo". Ukisikia *Je vous le passe* ujue simu inapelekwa kwa mwenyewe (*la* badala ya *le* akiwa mwanamke). Usianze kueleza shida yako wakati huo. Ngoja sauti mpya, kisha salimia upya na utaje jina lako tena. Kinachokuambia kwamba humpati ni *Il n'est pas là*, hayupo, au *Il est en ligne*, anaongea na simu nyingine.

Hayupo. Naachaje ujumbe?

Omba kwanza: *Est-ce que je peux laisser un message ?* Kisha *Dites-lui que…*, "mwambie kwamba". Hapa Kifaransa kinafanana na chetu: *lui* haitofautishi mwanamume na mwanamke, kama "m" ya "mwambie". Mfano: *Dites-lui que la marchandise part jeudi*, mzigo unaondoka Alhamisi. Ukitaka akupigie: *Dites-lui de me rappeler.* Ukisema *Je rappelle demain*, umeahidi kupiga wewe kesho, na yeye hatakupigia.

Saa ndiyo inayoharibu ujumbe. Saa nne asubuhi ni *dix heures*. Ukitafsiri "nne" kuwa *quatre heures*, umetaja saa kumi. Tena Kalemie wako nyuma yetu kwa saa 1. Akisema atapiga *à neuf heures* asubuhi, kwake ni saa tatu, lakini Kigoma itakuwa saa nne. Kwa hiyo malizia na *heure de Kigoma* au *heure de Kalemie*.

Namba yako ianze na 255, na sifuri ya mwanzo iondoke. Wakikurudishia namba, 70 kwao ni *septante* na 90 ni *nonante*. Vitabu vingi vinafundisha *soixante-dix* na *quatre-vingt-dix* za Ufaransa.

Jina langu Jumanne. Nikilitaja herufi kwa herufi linaandikwa vibaya. Nakosea wapi?

Bila shaka unataja herufi kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Tulipitie.

J kwa Kifaransa ni "ji", na G ni "je", zote kwa j laini, karibu na "sh" yenye sauti. Kiingereza ni kinyume: J yao "jei" inasikika kama G, na G yao inasikika kama J. Ukisema "jei", wanaandika Gumanne.

U: tayarisha midomo kama ya "u", kisha sema "i" bila kuisogeza. Ukitoa "u" yetu, wanasikia *ou*, na utakuwa Joumanne.

M ni "em", A ni "a". Halafu kuna N mbili. Usirudie "en, en", kwani msikilizaji atadhani unarudia ile ya kwanza. Sema *deux N*, inayotamkwa "de-zen". Hiyo "z" ni kiunganishi tu, si herufi ya jina. Ukiwa unaandika jina la mwingine, usiiandike.

E ya mwisho: viringa midomo kama ya "o", sema "e" fupi. Ukisema "e" yetu iliyo wazi wanaandika É, na ukisema "i" ya Kiingereza wanaandika I.

Kwa hiyo: *Ça s'écrit J, U, M, A, deux N, E.* Simu ikikoroma, M na N hazitofautiki, basi ziunge na jina: *M comme Marie, deux N comme Nicolas.* Mwisho omba akusomee: *Vous pouvez répéter, s'il vous plaît ?* Sikiliza hasa herufi ya kwanza na ya mwisho. Kukiwa na kosa, sema *Non, pas G, J*, kisha utaje jina zima upya tangu mwanzo, maana ukirekebisha herufi moja katikati mara nyingi anapoteza nafasi aliyofikia.