Futa hilo la "akipata ujumbe, pesa imeingia"

"Habari wanajukwaa. Naandaa kifungu cha ufahamu kwa wanafunzi wa sekondari ya juu kuhusu namna pesa inavyotumwa kwa simu, pamoja na maswali ya hatua na hatari zake. Nimemalizia hivi: 'Mpokeaji akipata ujumbe, pesa imeshaingia kwake.' Kifungu kiwe na maneno mangapi, maswali yawe mangapi, na alama nigaweje?"

Futa hiyo sentensi ya mwisho kabla hujachapa hata nakala moja. Mimi niliiandika karibu hivyo hivyo, nikaitungia na swali: "Mpokeaji atajuaje kuwa pesa imefika?" Jibu kwenye mwongozo wangu wa kusahihisha lilikuwa "kwa kupata ujumbe", na kila aliyeliandika alizoa alama zote. Mmoja wao baadaye akatapeliwa kwa jibu hilo hilo, tena kwa pesa ya mama yake.

Ilikuwa hivi. Binti ameachiwa simu, ndani kuna salio la 31,200. Unaingia ujumbe kwamba amepokea 20,000 na salio jipya ni 20,450. Hajamaliza kuusoma, simu inaita. Mtu anahema, anasema kakosea namba, pesa ni ya mgonjwa, tafadhali dada nirudishie. Binti ana huruma, na darasani tumemfundisha kuwa ujumbe ukifika pesa imefika. Akafungua menyu, akaingiza namba, akaweka namba ya siri, akatuma 20,000. Hakuna kilichokuwa kimeingia. Zilizotoka ni za mama, na makato juu yake.

Sasa rudi kwenye ule ujumbe, maana kila kitu kimo humo. Aliyekuwa na 31,200 akipokea 20,000 anatakiwa awe na 51,200. Ujumbe ulisema 20,450. Tapeli haoni salio lako, kwa hiyo hubuni tu namba inayoelekea kufanana na ukweli, na kujumlisha kwa darasa la pili kunatosha kumuumbua. Nami nilikuwa nimewapa wanafunzi wa sekondari ya juu kifungu kizima kuhusu pesa bila kuwataka wajumlishe chochote. Cheka tu, walimu wenzangu walishanicheka zamani.

Hasira zangu nyingine ni za mwezeshaji wa semina aliyetugawia yale makaratasi niliyonakili. Yalikuwa na mchoro wa noti yenye mabawa ikiruka kutoka simu hadi simu. Nilipomuuliza pesa inapita wapi, akasema "kwenye mtandao", akaendelea na ukurasa unaofuata. Mchoro ule ndio mzazi wa sentensi yako. Mtu akiamini pesa inaruka, ataamini vilevile kwamba mlio wa ujumbe ni pesa inayotua.

Hakuna kinachoruka. Unapoweka pesa kwa wakala, noti zako zinabaki kwenye droo yake, na yeye anakuhamishia kiasi hicho hicho kutoka kwenye floti yake, yaani salio lake mwenyewe la kielektroniki. Ndiyo maana wakala aliyeishiwa floti hawezi kupokea pesa yako hata ukimwekea mezani, na aliyeishiwa noti hawezi kukutolea. Pesa halisi inayosimama nyuma ya masalio ya wateja wote huwekwa benki kwenye akaunti ya dhamana. Ukimtumia mtu, mfumo wa mtoa huduma unakagua namba ya siri, unaangalia kama salio linatosha kiasi pamoja na makato, kisha unapunguza kwenye rekodi yako na kuongeza kwenye yake. Kutuma kumeishia hapo. Pesa iliyo benki haikusogea hata kidogo, kilichobadilika ni nani anaidai.

Ujumbe unakuja baada ya hayo yote, na unapita njia yake. Ni taarifa tu. Unaweza kuchelewa wakati rekodi imeshabadilika, na unaweza kuandikwa na mtu yeyote mwenye simu wakati rekodi haijaguswa. Wengine hufanikiwa hata kuutuma kwa jina linalofanana na la huduma yenyewe, kwa hiyo usiwaambie wanafunzi "angalieni jina la aliyetuma" kana kwamba hiyo ndiyo kinga. Kinga ni moja: fungua menyu mwenyewe, ile ya nyota na reli au programu ya huduma, uliza salio. Salio halikuongezeka, hukupokea kitu, hata aliye upande wa pili alie machozi ya damu.

Kanuni hiyo hiyo inamwokoa mtumaji pia. Ametuma, ujumbe wa uthibitisho hauji, anadhani imegoma, anatuma tena. Baadaye jumbe zinakuja mbili na pesa imetoka mara mbili. Angeuliza salio kabla ya kurudia, angeona muamala wa kwanza ulipita.

Kuna mwanafunzi mkorofi atakayeuliza: je, salio likiongezeka kweli na mtu akapiga simu kudai kakosea? Mpende huyo. Jibu ni kwamba bado asitume kwa mkono wake. Aliyekosea ndiye anayepaswa kumwomba mtoa huduma aurejeshe muamala ule ule, wewe unaiacha pesa bila kuigusa. Ukiituma mwenyewe kwa namba utakayotajiwa, huo ni muamala mpya usiohusiana na wa kwanza, na yeye anaweza kwenda kuomba wa kwanza urejeshwe pia. Hapo umelipa mara mbili kwa wema wako.

Kwenye hatua, nina neno dogo. Usiandike "ingiza namba, kiasi, namba ya siri, basi". Huduma nyingi huonyesha jina la mpokeaji kabla ya kudai namba ya siri, na hapo ndipo mahali pa mwisho ambapo kosa la tarakimu moja linazuilika bure. Iandike kama hatua inayojitegemea, kisha uulize kwa nini jina linakuja kabla ya namba ya siri na si baada yake.

Maswali ya "taja hatua tano" na "taja hatari tatu" wanayajibu huku wanasinzia. Wape ule ujumbe wa 20,450 kama ulivyo, waambie salio la awali lilikuwa 31,200, waulize kama muamala ulifanyika na wanajuaje. Halafu waulize hili, ambalo kwangu ndilo linalotenganisha aliyeelewa na aliyekariri: kwa nini utapeli huu ungeshindikana kama simu ile ingekuwa na salio la 400 tu?

Wengi wataandika "kwa sababu hana pesa ya kuibiwa". Hao wape nusu. Alama kamili ni za yule atakayeeleza kwamba kama zile 20,000 zingekuwa zimeingia kweli, salio lingekuwa 20,400 na kiasi chenyewe kingepatikana, lakini kwa kuwa hazikuingia, mfumo ungekagua rekodi, ukakuta 400, ukakataa kwa kusema salio halitoshi. Yaani kukataliwa kule ndiko kungemwambia binti kwamba ujumbe ni wa uongo. Yule wa 31,200 hakukataliwa kwa sababu mfumo ulipata pesa ya kutosha, ila ilikuwa ya mama.